Tenere ya Konjelateri ya Bilonda

Kisa hiki hamtakiamini. Nimekisimulia kwenye matanga mawili, harusi moja na foleni ya mafuta, na kila mahali ametokea mtu wa kutikisa kichwa: "Huyu mzee naye!" Sawa, tikiseni. Lakini konjelateri yenyewe ipo, kule Manika, kwenye nyumba ya bati jekundu. Fungua mlango wake wa juu itakupumulia baridi usoni mpaka machozi yatoke, kisha rudi uniambie mimi ni mwongo. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari, tena huo mwaka wa pili niliufanya mara mbili kwa sababu walimu walinipenda, lakini jambo hili nimelishika kuliko wenye diploma, kwa kuwa nililiona kwa macho yangu haya mawili.

Mwenye kisa ni Bilonda, mtoto wa dada yangu marehemu. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kwa treni kuja kuchimba shaba, akashuka Tenke akidhani amefika, akapandishwa tena. Bilonda alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Alianza kuosha mawe akiwa na mimba ya kwanza, upande wa Kingamyambo, na akayaosha miaka kumi na minne, maji yakiwa magotini na jua kisogoni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana bila jambo hili mengine yote hayaeleweki. Mawe hayauzwi kwa uzito peke yake. Mnunuzi wa depo hakulipi udongo, anakulipa shaba na kobalti iliyo ndani ya udongo. Kiasi hicho ndicho tunachokiita tenere. Mfuko wa tenere ndogo ni mzigo wa bure, umebeba matope ya Mungu na kuyarudisha kwa Mungu. Depo wana mashine ya mkononi kama bastola, wanaielekeza kwenye jiwe, namba inatoka. Bilonda hakuhitaji bastola. Alishika jiwe, akalilowesha, akaligeuza mara mbili juani, akasema, "Tatu na nusu." Mashine ikasema tatu nukta nne. Wanaume wazima waliacha bia zao wakaenda kumtazama akifanya hivyo.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomkata maini pale depo. Ukileta mfuko wenye maji, mnunuzi anakata kilo kadhaa kwa ajili ya maji. Haki yake. Lakini Bilonda alikuwa akianika mfuko wake siku mbili mpaka unapiga kelele za ukavu, na mnunuzi bado alikata kilo zile zile. "Tata, hiyo maji unakata iko wapi?" aliuliza kila wiki. Kila wiki alijibiwa, "Mama, njo vile tunafanyaka." Maji yasiyokuwepo. Yashikeni hayo maji, tutayahitaji mbele.

Mwaka jana kifua kilianza kumbana. Daktari akamwambia atoke kwenye lile vumbi. Kutoka ni rahisi kusema. Utatoka uende wapi, na watoto wanne, na baba yao amezikwa? Bilonda akafikiria malori. Kila mtu wa hapa anajua foleni ya malori ya shaba, madereva wamekaa kwenye usukani toka asubuhi, koo zimekauka. Mtu mwenye maji ya baridi pale ni mfalme. Kwa maji ya baridi unataka barafu, kwa barafu unataka konjelateri, ile friji ya kulala ambayo mlango wake unafungukia juu.

Akaingia dukani kwa Tata Ntambwe.

Ntambwe si mtu mbaya wa sura. Ananukia vizuri, anakupa kiti, anakuulizia watoto kwa majina. Pale dukani kwake, katikati ya televisheni zote zinazocheza muziki bila sauti, ilisimama konjelateri nyeupe kama jino la mtoto. Bilonda alifungua mlango wake, akaingiza mkono mpaka bega. Aliniambia baadaye kwamba alisikia kama ameingiza mkono kwenye asubuhi ya mwezi wa sita kule Kasai ambako hajawahi kufika.

"Bei gani, Tata?"

"Kwa mukono, ukilipa yote leo, dola mia ine. Lakini mama kama weye, mi sitakutesa. Leta mia moja leo, unabeba leo. Ile mia tatu inabakia, utalipa polepole, miezi kumi na mbili. Faida ni kumi kwa mia tu."

"Kumi tu?"

"Kumi tu, kwa mwezi. Makumi mbili na tano ya kitu, makumi tatu ya faida. Makumi tano na tano kila mwezi, kwisha."

Kumi ni namba ndogo. Hata mimi, na akili zangu zote hizi, ningesikia kumi nikatabasamu. Bilonda alipiga hesabu ya malori, akaona makumi tano na tano zinapatikana. Karatasi zilikuwa mbili, za Kifaransa, maandishi kama chawa. Akatia saini palipowekwa msalaba wa kalamu. Papy, msukuma mkokoteni wa pale dukani, akampakilia mali, na Bilonda akatembea kando ya mkokoteni toka mjini hadi Manika ameweka mkono juu ya kifuniko, kama anayesindikiza bibi harusi.

Na ilifanya kazi, jamani! Umeme ukiwepo aliijaza vichupa vya maji mpaka juu, umeme ukikatika vichupa vyenyewe vilivyoganda vililinda baridi mpaka kesho yake. Aliuza maji, akauza samaki wa tomsoni, kifua kikafunguka. Mwezi wa kwanza alilipa. Wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa, bila kuchelewa siku moja. Kila mara Ntambwe aliandika kwenye kikaratasi na kumpa, na kila kikaratasi Bilonda alikitia ndani ya boksi la maziwa ya unga. Mwoshaji wa mawe hatupi risiti, maana amezoea kuibiwa.

Mwezi wa kumi ndio ulioleta balaa. Alipeleka noti ya hamsini na noti ya tano. Ntambwe akainua ile hamsini kwenye mwanga, akaipiga ukucha pembeni, na pembeni palikuwa na mpasuko mdogo, urefu wa ukucha wa mtoto.

"Mama, hii imepasuka."

Hapo hakuna wa kubisha. Mgeni anaweza kushangaa, lakini kwetu dola iliyopasuka ni kama maiti, hakuna anayeigusa. Bilonda mwenyewe huwakatalia madereva noti za namna hiyo. Akaichukua, akazunguka siku tatu kutafuta wa kumbadilishia, akapata kwa kukatwa dola nne, akarudi na noti nzima.

"Umechelewa siku tatu," Ntambwe akasema kwa sauti ile ile ya kuulizia watoto. "Soma karatasi. Kuchelewa ni kuchelewa. Kitu kinarudi kwa mwenyewe, na franga zenye ulilipa zinabaki kwa mwenyewe."

Hakuzipokea. Kesho yake asubuhi mkokoteni ulisimama mbele ya nyumba ya bati jekundu, Papy ameshika mikono ya chuma, na Ntambwe nyuma yake na karatasi.

Bilonda alitoka, akaona, akarudi ndani. Wakafikiri amekwenda kuwafungulia. Kumbe amekwenda kukalia konjelateri. Alipanda juu ya kifuniko, akakunja miguu, akapanga kitenge chake vizuri kama yuko kanisani.

"Mama, shuka," Ntambwe akasema mlangoni.

"Sishuke."

"Papy, ingia, beba."

Papy akachungulia. "Nibebe kitu ao nibebe mama?"

"Beba vyote!"

"Tata, mi nalipiwaka kwa konjelateri. Bei ya mama hatukuongea."

Majirani walicheka, lakini Bilonda hakucheka. Chini yake mashine ilikuwa ikinguruma polepole, alikuwa anausikia mtetemo wake kwenye mapaja, na alichokuwa anakiwaza ni mto. Ikitoka hii, Jumatatu anarudi mtoni. Anarudi na kifua kile. Dola mia tano tisini na tano alizokwisha kutoa zinakwenda, konjelateri inakwenda, na yeye anakwenda kuinama tena kwenye matope. Akabaki amekaa tu.

"Nakupa mpaka Jumatatu," Ntambwe akasema alipoona watu wameongezeka. "Jumatatu, ao kitu, ao vita."

Jumamosi kulikuwa na meza ya ushauri wa sheria kwenye salo ya komini, ule ukumbi wa serikali ya mtaa. Anayekaa pale ni Amisa, binti wa Nasoro mwenye malori, wale Waislamu waliotoka upande wa mashariki. Amisa ni mtetezi wa korti, kijana, ana miwani na haraka. Bilonda alimjua kwa samaki, kila Ijumaa alimuuzia tomsoni wawili wakubwa. Siku hiyo aliweka mezani zile karatasi mbili na boksi la maziwa.

Amisa alisoma kimya. Mtu mwenye kusoma kimya Kifaransa chenye maandishi kama chawa anatisha. Bilonda alishika ukingo wa meza.

"Mama Bilonda, nitakuambia kwanza kitu kibaya. Hapa imeandikwa kama konjelateri inabaki ya Tata Ntambwe mpaka ulipe senti ya mwisho. Ulitia saini siku ile ile ya kubeba?"

"Siku ile ile."

"Basi hiyo iko halali. Kauli ya namna hiyo ikiandikwa kabla ao siku ya kupokea kitu, sheria inaikubali. Kwa hiyo usithubutu kuiuzisha."

Bilonda akasikia baridi, na si ile nzuri. "Njo ataikamata?"

"Anaweza kuiomba. Hawezi kuinyang'anya. Ukikatala, anaenda kwa jaji, na mwenye atakuja kwa mulango wako ni isye, mutumishi wa korti, na karatasi yenye muhuri. Haiko Papy."

"Papy mwenyewe alikatala."

"Papy anajua sheria kupita patron wake." Amisa akateremsha kidole. "Sasa angalia mustari huu. 'Malipo yote yatabaki mali ya muuzaji.' Unauona?"

"Nauona."

"Huo, sheria ya biashara tuko nayo inauhesabu kama haukuandikwa. Akirudishiwa kitu, kinapimwa: kina bei gani leo? Ile bei inatolewa kwa deni. Na bei ikipita deni lenye kubakia, yeye njo anakurudishia yenye kupita. Konjelateri yako leo inaweza kuuzishwa ngapi?"

"Watu banaiulizaka sana. Mia mbili na makumi tano, bila kubishana."

"Na kwa karatasi yake, inabakia miezi tatu ya makumi tano na tano. Mia moja makumi sita na tano. Basi akiibeba, anakudai ao unamudai?"

Ndugu zangu, niwaambie jinsi alivyokaa pale. Alikaa kama mtu aliyekuwa anaishi miaka yote na ukuta nyuma ya kitanda, halafu mtu anausukuma kwa kidole kimoja, na kumbe ni mlango.

"Mi njo ninamudai," akasema polepole. "Makumi nane na tano."

"Voilà."

Mtu mwingine angechukua hilo akaenda zake akiimba. Lakini Bilonda ni mpimaji. Akauliza, "Na ile kumi kwa mia? Sheria inasema ngapi?"

Amisa akavua miwani. "Kwa duka kama lile, sheria yetu ya kiraia haiweke namba. Watu wanapenda namba, lakini hakuna. Inasema hivi: kama mwenye kudai ametumia vibaya shida ya mutu, ao uzaifu wake, ao ujinga wake, akaahidiwa faida yenye kupita waziwazi faida ya kawaida, jaji anaweza kuikata mpaka kwa ile ya kawaida. Hata ile yenye ulikwisha kulipa, kama unashitaki mbele ya miaka tatu kupita tangu kulipa. Na karatasi iitwe mukopo, iitwe mauzo, ni moja."

"Ujinga?" Bilonda akainuka nusu. "Mi niko mujinga?"

"Mama, ni sheria njo inasema hivyo. Maana yake kutojua."

"Basi iandike kutojua. Mujinga ni mwingine."

"Nitaandika kutojua," Amisa akasema bila kucheka, na hilo lilimpa heshima yake. "Lakini jaji *anaweza*, halazimishwi. Atasema, nionyeshe kama inapita. Na kuonyesha ni kazi yetu."

Hapo ndipo, jamani, hapo ndipo ninapotaka mnyamaze.

Bilonda alitoka nje ya salo. Pale uani kuna changarawe za kijani na nyekundu, mji wetu wote umekaa juu yake. Akakusanya kwenye kitenge, akarudi, akasafisha meza ya serikali kwa kiganja. Akapanga safu kumi na mbili, moja kwa kila mwezi. Kila jiwe dola tano. Mawe matano ya kijani kwa kila safu, hiyo ndiyo shaba, zile makumi mbili na tano za kitu chenyewe. Chini yake mawe sita mekundu, hayo matope, zile makumi tatu za faida.

"Mwezi wa kwanza," alisema, "ananidai mia tatu, ananikata makumi tatu. Ni kumi kwa mia. Sawa." Akaondoa mawe matano ya kijani. "Nalipa. Sasa ananidai mia mbili makumi saba na tano. Ananikata ngapi?"

"Makumi tatu," Amisa akasema, akiangalia risiti.

Akaondoa safu nyingine, na nyingine. Kijani ilipungua kila mara, nyekundu ikabaki sita, sita, sita. Watu waliokuwa wanangoja zamu yao walianza kusogea. Alifika safu ya mwisho. Juu mawe matano, chini mawe sita.

"Mwezi wa kumi na mbili, ananidai makumi mbili na tano tu," Bilonda akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Na faida ya ile makumi mbili na tano, kwa mwezi moja, ni makumi tatu?"

Amisa alifungua mashine ya hesabu ya simu yake, akapiga, akapiga tena. "Mia moja makumi mbili kwa mia," akanong'ona. "Kwa mwezi moja."

"Faida inapita deni yenyewe."

"Inapita."

Bilonda akapiga meza kwa kiganja mpaka mawe yakaruka. "Ni ile maji! Ile maji ya depo! Mufuko umekauka, na bado ananikata maji ya siku ya kwanza!"

Nani alimfundisha? Hakuna. Miaka kumi na minne ya kukatwa maji yasiyokuwepo ndiyo iliyomfundisha. Mimi nimeona mafundi wa umeme wakiwasha mtaa mzima kwa kugusanisha nyaya mbili, lakini sijaona kitu kuwaka kama uso wa yule mwanamke. Na Amisa, aliyesoma miaka mitano chuo kikuu, alikuwa amesimama. Alisimama bila kujua kwamba amesimama.

"Subiri," akasema. Akatoa kwenye begi lake karatasi ya bei za koperative moja ya akiba ya pale mjini. "Hawa wanakopesha watu kama weye. Wanaomba ine kwa mia kwa mwezi, juu ya kile kinabakia. Jaji halazimishwi kuifuata, lakini ni kipimo, kinaonyesha kawaida ni nini. Tupime kwa hiyo."

Wakapima. Mia tatu, faida kumi na mbili, ametoa makumi tano na tano, inabaki mia mbili makumi tano na saba. Mwezi wa pili faida imeshuka, kumi na kitu, ametoa makumi tano na tano, inabaki mia mbili kumi na mbili. Bilonda alikuwa anayaondoa mawe, na sasa mekundu nayo yalikuwa yanapungua pamoja na ya kijani, mwezi kwa mwezi, kama yanavyopaswa kupungua kwa haki. Mwezi wa sita ulipokwisha, mbele yake kulibaki mawe matatu. Dola kumi na tano.

"Mwezi wa saba njo mwisho," Amisa akasema. "Ungelipa kumi na tano na kidogo, ukamaliza. Jumla mia tatu makumi ine na tano. Weye ulikwisha kulipa mia ine makumi tisa na tano, bila kuhesabu ile mia ya kwanza."

Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya ugomvi wa kiwanja alivua kofia.

"Tangu mwezi wa saba," Bilonda akasema, akiyaangalia yale mawe matatu. "Nilikuwa nalala pembeni ya kitu yangu. Na sikujua."

Jumatatu, kabla mkokoteni haujatoka, yeye ndiye aliyeingia dukani. Alibeba karai la kuoshea mawe kichwani, Amisa yuko pembeni na barua. Ilikuwa saa ya wateja. Akashusha karai juu ya kioo cha meza, kati ya redio mbili, na akaanza kupanga.

"Mama, hii ni nini?" Ntambwe akauliza.

"Tenere ya karatasi yako, Tata. Kaa, naiosha mbele yako."

Alipanga safu kumi na mbili, kijani juu, nyekundu chini. Hakupiga kelele. Alieleza kwa sauti ya kuuza maji. Jamaa mmoja aliyekuwa anasaini karatasi ya televisheni aliinua kalamu hewani, akaiacha hapo hapo hewani. Alipofika safu ya mwisho, tano juu na sita chini, yule jamaa akasema, "Tata Ntambwe, na ya kwangu iko vile vile?"

"Ya kwako ni ingine!"

"Mama, nipangie na ya kwangu."

Ntambwe alijaribu. Alisema kila mtu anatia saini kwa mkono wake, hakuna aliyeshikwa. Alisema yeye naye anakopa Lubumbashi, naye anakatwa, na watu wengine wanahama na friji zake mpaka Sandoa asiwaone tena. Katika hayo hakudanganya, nami nampa haki yake. Amisa alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka barua juu ya kioo.

"Tata, kuchelewa siku tatu alichelewa, sibishe. Kitu kilikuwa chako mpaka deni liishe, sibishe. Lakini ukikibeba bila jaji, utajibu korti. Ukikibeba na jaji, utamurudishia yenye kupita deni. Na sisi tutaomba jaji apime faida, ya miezi yote tisa, na risiti tuko nazo zote. Ao, tumalize hapa, kwa maandishi."

Ntambwe aliangalia barua. Akaangalia mawe. Akaangalia wateja, ambao sasa walikuwa saba na wote wameshika karatasi zao. Kisha akamwangalia Bilonda, na jinsi alivyomwangalia haikuwa tena ya kuulizia watoto.

"Nani alikufundisha hii hesabu?"

"Maji, Tata."

Hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Amisa alimvuta Bilonda kando, akamwambia kwamba kwa jaji anaweza kupata zaidi, labda karibu mia na hamsini, labda pungufu, lakini itachukua miezi. Bilonda alifikiria barafu, alifikiria malori, akasema anataka karatasi leo.

Ntambwe akaandika kwa mkono wake: deni limekwisha, konjelateri ni mali ya mama Bilonda, hakuna anayemdai mwingine. Akatia muhuri. Kisha akafungua droo kumrudishia sehemu ya zile alizozidisha, kama walivyopatana. Noti ya kwanza Bilonda akaiinua kwenye mwanga. Akaipiga ukucha pembeni.

"Tata," akasema, "hii imepasuka."

Duka zima lilianguka kwa kicheko, hata Papy huko nje aliachia mkokoteni. Ikabidi Ntambwe atafute nyingine, nzima, ngumu, inayolia mkononi. Na nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, ndugu zangu, nikaona kwa macho haya akihesabu dola mia tano, moja baada ya nyingine, akapiga magoti mbele ya duka lote, akalia, na meya mwenyewe aliyekuwa akipita akasimamisha gari, akashuka, akamshika Bilonda mkono, akamwambia kuanzia leo wewe ndiwe utakayepima kila mkopo wa jimbo zima la Lualaba, na gari la—

"Manseba!" Ni Bilonda mwenyewe, pale nyuma yenu, ananikatiza mimi mjomba wake. "Alinirudishia makumi tano tu. Na hakupiga magoti, aliinama kuokota kalamu. Na weye siku ile ulikuwa Sandoa, kununua mahindi."